Mkataba umesainiwa. Ritani ya Januari ni ya nani?

Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi ofisini kwetu aliniletea rasimu ya barua pepe ya kumkaribisha mteja mpya. Ilikuwa na aya nne. Ya kwanza inashukuru, ya pili inaeleza ofisi yetu ilivyo makini, ya tatu inasema "tutashughulikia masuala yako yote ya kodi na hesabu", ya nne inaomba "nyaraka zote muhimu mapema iwezekanavyo". Nilipomwambia arudie yote, alinijibu kwa heshima kabisa: "Lakini dada, hii si ya kukaribisha tu? Kazi yenyewe iko kwenye mkataba."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wahasibu waliokaa kwenye kazi miaka 15. Nimeyasikia kwenye semina, nimeyasikia kwa mwenzangu tuliyesoma naye. Wote wanaamini kwamba barua ya kwanza ni adabu, unaituma ili mteja ajisikie vizuri, halafu kazi inaanza kivyake. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Mkataba wetu una kurasa sita na mteja ameusoma mara moja, siku ya kusaini, akiwa na haraka ya kurudi dukani. Unaeleza haki na wajibu kwa mwaka mzima. Hauelezi Jumatano asubuhi afanye nini. Barua pepe ya kwanza ndiyo inayoeleza, na kwa biashara ndogo iliyosajiliwa VAT, Jumatano hiyo ina uzito, kwa sababu tarehe 20 ya mwezi haimsubiri mtu aliyebadilisha mhasibu.

Nichukue mteja huyo huyo wa rasimu. Ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana wafanyakazi 6, amesajiliwa VAT, na alikuwa na mhasibu mwingine kabla yetu. Tulisaini Jumanne tarehe 10 Februari. Hebu tazama kalenda ilivyokaa siku hiyo. Kodi ya mishahara ya Januari mwisho wake ulikuwa tarehe 7, imeshapita. Ritani ya VAT ya Januari mwisho wake ni tarehe 20, yaani siku kumi mbele. Michango ya NSSF ya Januari ina muda hadi mwisho wa Februari. Mambo matatu ya mwezi mmoja, na mkataba umeangukia katikati yake.

Ya nani ni ya nani? Mhasibu wa zamani anajua ameshaachwa, kwa hiyo mkono wake umelegea tangu mwisho wa Januari. Mteja anaamini kwamba akishasaini nasi, kila kitu kimehamia kwetu. Sisi tunaamini tunaanza na mwezi wa kwanza kamili, yaani Februari. Watu watatu, kila mmoja anamwangalia mwenzake, na Januari inabaki bila mwenyewe. Mwezi huo ndio unaokuja kutoa faini na riba miezi minane baadaye, wakati ambapo hakuna anayekumbuka nani alisema nini.

Ndiyo maana sentensi ile ya "tutashughulikia masuala yako yote ya kodi" inaniudhi. Inasikika kama ukarimu, kumbe imeuacha wazi mlango wenyewe uliotakiwa kufungwa. Mteja akiisoma tarehe 11 Februari, ana haki kabisa ya kuelewa kwamba hata kodi ya mishahara iliyotakiwa tarehe 7 sasa ni yetu. Barua nzuri inataja kila ritani kwa jina lake na mwezi wake, na inasema ipi ni yetu na ipi si yetu. Haya si maneno ya kisheria ya kujikinga. Mteja anahitaji kujua leo, wakati mhasibu wa zamani bado anapokea simu, ni kipi amdai.

Hii ndiyo barua tuliyoituma hatimaye. Nimeondoa majina tu.

Mada: Ritani ya VAT ya Januari – mambo matatu kabla ya Ijumaa tarehe 13

Mama, shikamoo.

Asante kwa kutuamini na biashara yako. Kazi yetu ya kwanza ni ritani ya VAT ya Januari, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 Februari. Hiyo tunaifanya sisi. Michango ya NSSF ya Januari pia tunaifanya sisi. Kodi ya mishahara ya Januari ilitakiwa kuwasilishwa tarehe 7, kabla hatujasaini, kwa hiyo hiyo ni ya mhasibu wako wa awali. Tafadhali muulize leo kama aliiwasilisha na uniletee uthibitisho. Kama hakuiwasilisha, nipigie simu leo leo, tusisubiri.

Ili tumalize ritani ya VAT kwa wakati, naomba vitu vitatu kabla ya Ijumaa tarehe 13 saa 10 jioni:

Kwanza, picha za ripoti za Z za mashine ya EFD za siku zote ulizofungua duka mwezi Januari. Kijana wa kaunta anazo.

Pili, picha za risiti zote za manunuzi ya Januari, moja moja. Kila picha ionyeshe TIN yako na VRN, yaani namba yako ya usajili wa VAT, kiasi cha VAT, na msimbo wa uhakiki ulio chini ya risiti.

Tatu, taarifa ya benki ya Januari katika faili la Eksel au PDF. Usinitumie nywila ya benki, sitaihitaji kamwe.

Alhamisi saa 4 asubuhi nitakuja dukani tuingie pamoja kwenye akaunti yako ya TRA. Uwe na simu yako ya mkononi karibu. Itachukua kama nusu saa.

Anayeshughulikia kazi zako kila siku ni mimi. Nikiwa sipatikani, kijana wetu ofisini ana nakala ya barua hii.

Barua inaishia hapo. Imeanza na shikamoo kwa sababu ni mama wa umri wa mama yangu, na barua ya kazi haimwondolei umri wake. Kuhusu ofisi yetu ilivyo makini hakuna hata neno, maana ameshasaini.

Sasa nirudi kwenye "nyaraka zote muhimu", kwa sababu hapa ndipo ninapopoteza subira zaidi. Miaka ya nyuma nilikuwa naandika hivyo mimi mwenyewe. Mteja mmoja, naye wa duka, alinijibu siku ile ile, mtu mwaminifu kabisa. Alinitumia cheti cha usajili wa kampuni, leseni ya biashara, cheti cha TIN, mkataba wa pango na nakala ya kitambulisho chake. Kwake hizo ndizo nyaraka muhimu: zina mihuri, zinawekwa kwenye bahasha, zinafungiwa kabatini. Risiti za manunuzi zilikuwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kaunta. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kile kikaratasi ndicho fedha.

Mfuko ulinifikia tarehe 19 jioni. Mauzo yake ya mwezi kwenye mashine yalikuwa shilingi milioni 35.4 pamoja na VAT. Kwa kiwango cha asilimia 18, VAT iliyomo humo ni milioni 5.4. Manunuzi yake yalikuwa milioni 23.6 pamoja na VAT, ambayo ndani yake kuna milioni 3.6. Kama kila risiti ingekuwa sawa, angetoa 3.6 kwenye 5.4 na kulipa milioni 1.8. Lakini risiti moja ya saruji, ya milioni 11.8, ilikuwa imetolewa bila TIN wala VRN ya mnunuzi. Aliyetumwa kuchukua mzigo hakuwa nazo, na muuzaji hakuuliza. Risiti isiyomtambua mnunuzi haidaiwi. VAT iliyokuwa ndani yake ilikuwa milioni 1.8, kwa hiyo malipo ya mwezi ule yalipanda hadi milioni 3.6, mara mbili kamili.

Risiti ya EFD ikishatoka hairekebishwi kwa kalamu. Muuzaji anapaswa kufuata utaratibu wake wa kusahihisha mauzo na kutoa risiti nyingine, na muuzaji wa jumla mwenye foleni dukani hafanyi hivyo usiku wa tarehe 19 kwa ajili ya mtu mmoja. Tungeiona risiti ile tarehe 13, tungekuwa na siku za kazi za kumfuata. Sisemi tungefanikiwa kwa hakika. Nasema tungekuwa na nafasi, na iliyotunyima nafasi hiyo ni barua yangu iliyosema "muhimu".

Kwa hiyo kila kitu kwenye barua kinatajwa kama mteja anavyokiona kwa macho. "Ripoti ya Z" anaijua kila mtu wa kaunta, kwa sababu anaitoa kila jioni anapofunga. "Taarifa za mauzo" haijui mtu. Na kila ombi lina mtu wake. Mama mwenye duka hagusi mashine, kwa hiyo kumwomba yeye ripoti za Z ni kumpa kazi ya kukumbuka kumwambia mtu mwingine. Ukiandika "kijana wa kaunta anazo", anaipeleka ile barua moja kwa moja kwa kijana. Kabla ya kuandika namuuliza mteja siku ya kusaini: nani anatoa Z, nani anakwenda kununua mzigo, nani anaingia benki? Majibu hayo matatu ndiyo yanayojenga barua.

Msimbo wa uhakiki nautaja kwa sababu ndio ninaotumia kuikagua risiti kwenye verify.tra.go.tz. Ukiuingiza pamoja na saa ya risiti, mfumo unakuonyesha risiti yenyewe. Isipoonekana, hiyo si ya kuingiza kwenye ritani kabla hujajua kwa nini. Sababu nyingine ya kutaka picha mapema ni karatasi yenyewe. Maandishi ya mashine hizi yanafifia kwa joto, na risiti iliyokaa juu ya dashibodi ya gari Dar es Salaam inaweza kubaki nyeupe kabla hujaifikia. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5. Karatasi haifiki huko bila picha.

Kuhusu nywila nitasema kwa kifupi, maana sidhani linahitaji mjadala. Usiombe nywila kwa barua pepe. Mteja akikutumia bila kuombwa, mwambie aibadilishe siku hiyo hiyo. Taarifa za wafanyakazi pia, yaani namba za NIDA, mishahara na akaunti zao, zisisambazwe ovyo kwenye barua yenye watu watano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wenye ofisi ya vyumba viwili.

Lile la kwenda dukani Alhamisi linaonekana dogo, lakini limeniokoa zaidi ya jambo lolote katika barua. Wateja wengi wadogo hawakufungua wenyewe akaunti yao ya mtandaoni ya TRA. Walifunguliwa na mhasibu wao wa kwanza, na mhasibu huyo, bila nia mbaya, akaweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili asiwasumbue. Ukijaribu kuingia, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya mtu aliyeachwa kazi. Tatizo hili huligundui kwa kuuliza. Ukimwuliza mteja "akaunti yako iko sawa?" atasema iko sawa, kwa sababu hajawahi kuigusa. Unaligundua mkiwa mmekaa pamoja, simu yake iko mezani, na hailii.

Kwa mama yetu haikulia. Tulingoja dakika tano, sote wawili tukijua jibu. Akampigia mhasibu wa zamani, wakasalimiana vizuri, naye akasoma namba kwa simu. Tukabadilisha mawasiliano pale pale yakawa ya mama mwenyewe. Si yangu. Nikiweka yangu nitakuwa nimemtengenezea tatizo lile lile mhasibu atakayekuja baada yangu. Ingekuwa tarehe 19 usiku, na yule mhasibu yuko safarini, ningekuwa na hesabu iliyokamilika lakini sina pa kuiwasilisha.

Kuna watakaosema haya yote yamalizwe kwenye makabidhiano kati ya wahasibu wawili. Ni kweli, maadili ya taaluma yetu chini ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yanatutaka kuwasiliana na mhasibu aliyetangulia, kwa ruhusa ya mteja, kabla ya kukubali kazi, na tunafanya hivyo. Lakini mawasiliano yale ni ya kujua kama kuna sababu ya kukataa kazi. Hayakuletei picha za risiti. Na kuna wakati mhasibu wa zamani anashikilia vitabu kwa sababu anadai ada yake. Hapo sijapata njia ninayoiamini. Nimewahi kumshauri mteja alipe kwanza tugombane baadaye, na nimewahi kuanza hesabu upya kutoka taarifa za benki. Zote mbili ziliumiza.

Jambo jingine ambalo bado silijui vizuri ni urefu. Vitabu vya biashara vinapenda barua ya hatua nane zenye mpangilio wa miezi mitatu. Nimejaribu. Hatua ya kwanza na ya pili zilifanyika, kuanzia ya nne kwenda mbele sikuona dalili kwamba kuna aliyezisoma. Sasa naweka yale tu yanayohitajika kabla ya ritani iliyo karibu. Makadirio ya kodi ya mapato na awamu yake ya kwanza ya mwisho wa Machi yanakuja kwenye barua ya pili, baada ya tarehe 20. Orodha ya mali za kudumu na mizania ya mwisho inakuja kwenye ya tatu. Tozo ya mafunzo ya ufundi siitaji kabisa kwa mwenye wafanyakazi 6, kwa sababu inaanzia kwa mwajiri wa watu 10. Lakini nakiri kwamba kuna wateja, hasa waliowahi kuajiriwa maofisini, wanaotaka kuiona picha nzima siku ya kwanza na wanakosa amani wakipewa kipande. Kwa hao naongeza mstari mmoja: barua ya pili itakuja tarehe 23.

Na kuna mambo tusiyoyafanya. Hatuendi kuchukua mzigo bandarini, hatumtetei mteja mahakamani, hatutunzi fedha zake za kodi kwenye akaunti yetu. Hili la mwisho nalisema mdomoni siku ya kusaini, nikimtazama machoni. Kuliweka kwenye barua ya kukaribisha kunanipa shida. Ni kama kumpokea mgeni mlangoni na kumsomea makatazo kabla hajakaa. Wenzangu wawili ninaowaheshimu wanaliweka na hawajapata lawama. Mimi bado naliacha kwenye mkataba, na sina uhakika kama niko sahihi.

WhatsApp je? Ndiyo, mama huyu anaishi WhatsApp kama wateja wangu wote. Barua naituma kwa barua pepe kwa sababu mwakani nitahitaji kuipata kwa tarehe na mada, halafu namtumia ujumbe: "Mama, nimekutumia barua, ina mambo matatu, la kwanza ni la leo." Picha za risiti zisipitie kwenye soga za kawaida, maana zinapunguzwa ubora na msimbo wa uhakiki hausomeki. Zitumwe kama faili. Hilo namwonyesha kijana wa kaunta kwa mkono, mara moja, na anaelewa.

Uthibitisho wa kodi ya mishahara ulifika jioni ya tarehe 11. Risiti zilifika Alhamisi usiku, picha 41. Tatu hazikusomeka, nikazirudisha Ijumaa asubuhi nikitaja jina la muuzaji na kiasi, naye kijana akazipiga upya. Moja, ya mabati, haikuwa na VRN ya mama. Mzigo ulikuwa wa muuzaji wa mtaa wa pili, kijana akaenda kwa miguu Ijumaa mchana, wakahangaika naye, risiti iliyosahihishwa ikatoka Jumatatu. Ritani iliwasilishwa tarehe 18 saa 5 asubuhi, na mama alipata ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake mwenyewe.